Namba naiona kwa macho yangu, VLOOKUP inasema #N/A: somo

Hili swali nimelijibu mara nyingi mpaka nimechoka, sasa naliweka hapa moja kwa moja.

Mfano: shiti ya Wanachama A2 ina namba 1045, shiti ya Malipo iliyotoka kwenye mfumo ina 1045 kwenye A7, kiasi kiko kolamu B. Fomula iko sawa ila inagoma.

1. Pima kwanza, usibahatishe:

```
=LEN(Malipo!A7)
=ISNUMBER(Malipo!A7)
```

Mimi nilipata 5 na FALSE. Unaona tarakimu nne ila LEN inahesabu tano, ujue kuna nafasi imejificha, na hiyo FALSE maana yake ni maandishi yaliyovaa sura ya namba.

2. Ingiza kolamu mpya kati ya A na B kwenye Malipo.

3. Kwenye B7 andika hii, shusha mpaka chini:

```
=VALUE(TRIM(SUBSTITUTE(A7,CHAR(160)," ")))
```

TRIM peke yake haitoshi, data iliyokopiwa kwenye ukurasa wa mtandao mara nyingi huja na nafasi ya aina nyingine, CHAR(160), ambayo TRIM haiigusi.

HAPA NDIPO NILIPOUNGUA. Niliona VALUE imekubali basi nikaigeuza kila kolamu, hadi ya simu na ya NIDA. Simu zote zikapoteza sifuri ya mbele, hiyo afadhali unaweza kuirudisha, lakini namba ya NIDA ina tarakimu 20 na Excel inashika 15 tu, zile tano za mwisho zikawa sifuri, nikasevu juu ya faili lile lile na kopi sina. Kwa hiyo namba ndefu au zinazoanza na sifuri ondoa VALUE, ziache maandishi pande zote mbili.

4. Sasa tafuta:

```
=VLOOKUP(A2,Malipo!B:C,2,FALSE)
```

mtunza_stoo: Mkuu yangu bado inagoma, nisaidie haraka

LEN imekupa ngapi? Hatua ya 1 sikuiweka kama pambo.

mtunza_stoo: Sijapima, nimebadilisha fomati tu kuwa Number

Fomati inabadilisha sura, maandishi yaliyokwisha kuingia yanabaki maandishi. Rudi juu usome.

dada_hesabu: Kaka, mfumo unanipa faili jipya kila wiki, lazima niingize kolamu kila mara? Na mbona wengine wanasema weka IFERROR?

Swali zuri dada. Kama upande wa Malipo ni maandishi yasiyo na nafasi, huhitaji kolamu, igeuze namba yako iwe maandishi humo humo:

```
=VLOOKUP(A2&"",Malipo!A:B,2,FALSE)
```

IFERROR inaficha tu, aliyelipa ataonekana hajalipa.

dada_hesabu: Imekubali! Ila COUNTIF inaniambia NIDA mbili tofauti ni moja

Nayo inazisoma kama namba, inaishia tarakimu ya 15. Mlazimishe asome maandishi:

```
=COUNTIF(A:A,A2&"*")
```