Kabla hujamtumia kaka herufi kubwa

Jana nusura nimtumie kaka yangu wa Tukuyu: "UMEUZA VIAZI VYA MAMA KIMYAKIMYA! SIKU ZOTE WEWE MBINAFSI!" Nikafuta maneno yanayosema yeye ni mtu gani, nikaacha alichofanya, kisha nikaongeza kilichoniuma: "Shikamoo kaka. Nimesikia kwa jirani magunia 6 ya mama yameuzwa Jumamosi. Imeniuma kuambiwa na mtu wa nje, na mbegu tulichanga wote. Ilikuwaje?" Tusi angelibishia, viazi vikasahaulika, magunia hawezi kuyabishia. Ila "imeniuma" usiifute, utasomeka kama karani wa ghala. Akikaa kimya hata baada ya kuulizwa mara ya pili, achana na simu. Panda gari, mkaongee mbele ya mama.