Barua rasmi na barua ya kirafiki katika karatasi ya insha ya KCSE: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu umetokana na kazi ya kupitia barua za mazoezi za mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne aliyekuwa akijiandaa kwa karatasi ya kwanza ya Kiswahili, 102/1. Anwani zake zilikaa mahali pake, tarehe haikukosekana na sahihi ilikuwepo, lakini kila barua rasmi aliyoiandika ilikuwa imegeuka ya kirafiki kufikia aya ya pili. Kasoro hiyo nimeiona kwa watahiniwa wengi, na ndiyo itakayochukua nafasi kubwa hapa.

Karatasi yenyewe hufanywa kwa saa 1 na dakika 45. Ina maswali 4, na mtahiniwa hujibu mawili: la kwanza ambalo ni la lazima, na jingine analolichagua. Swali la lazima hudai insha ya kiuamilifu, yaani insha yenye sura maalumu kama vile barua, hotuba, ripoti au memo. Kila insha hutuzwa kwa alama 20 na haipaswi kupungua maneno 400. Asiyezingatia sura iliyoagizwa huondolewa alama hata kama hoja zake ni nzuri.

Hatua ya kwanza: tambua nani anamwandikia nani, na kwa wadhifa gani

Tuchukue swali hili la mazoezi, ambalo tutalifuata hadi mwisho:

*Wewe ni katibu wa chama cha mazingira katika shule yenu. Mwandikie Afisa wa Mazingira wa kaunti yako barua ukimweleza madhara ya taka zinazotupwa katika mto ulio karibu na shule, na upendekeze hatua zinazofaa kuchukuliwa.*

Swali halikutaja neno “rasmi”, na mara nyingi maswali hayalitaji. Pigia mstari vyeo viwili: katibu na afisa. Katibu anamwandikia afisa kwa sababu ya kazi zao, wala si kwa sababu wanajuana, kwa hiyo barua ni rasmi. Kama swali lingesema “mwandikie rafikiyo aliye katika shule nyingine umweleze jinsi chama chenu kilivyokabiliana na taka mtoni”, mada ingebaki ileile ilhali barua ingekuwa ya kirafiki. Mada haiamui aina ya barua.

Swali linalotatiza ni lile la jamaa mwenye cheo, kwa mfano mjomba ambaye pia ni chifu. Angalia kinachoombwa. Ikiwa wakazi wanaomba daraja lirekebishwe, anayeombwa ni chifu. Andika barua rasmi na usitaje ujomba hata mara moja. Ikiwa unaomba msaada wa karo, anayeombwa ni mjomba, na barua ni ya kirafiki. Barua kwa mhariri wa gazeti ni rasmi, hata kama unatoa maoni yako binafsi.

Hatua ya pili: anwani na tarehe

Barua ya kirafiki ina anwani moja tu, ya mwandishi, juu upande wa kulia, na tarehe chini yake. Barua rasmi ina anwani mbili. Ya mwandishi hukaa juu kulia:

Shule ya Upili ya Mfano,
S.L.P. 100,
MACHAKOS.
14 Machi, 2025.

Kisha ruka mstari, uandike ya mwandikiwa upande wa kushoto:

Afisa wa Mazingira,
Kaunti ya Machakos,
S.L.P. 200,
MACHAKOS.

Anza na cheo, si jina la mtu. Napendelea mistari ya anwani ianzie kwenye wima mmoja badala ya kuteremka kama ngazi, kwa kuwa ngazi huharibika mkono unapoharakisha. Napendelea pia mwezi uandikwe kwa neno. Ukiweka mkato mwishoni mwa mistari ya anwani ya kwanza, uuweke katika ya pili vilevile.

Hatua ya tatu: mtajo na kichwa

Kwa afisa andika “Kwa Bwana/Bibi,” kwa kuwa swali halikusema ni mwanamume au mwanamke. Kwa rafiki andika “Kwa rafiki yangu mpendwa Zawadi,”.

Kichwa ni cha barua rasmi pekee. Hutanguliwa na KUH: au MINT:, huandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari. Wanaofanya mtihani Tanzania wamezoea YAH:. Chagua kimoja na ukizoee. Kichwa kitaje jambo lenyewe kwa maneno machache: “KUH: UTUPAJI TAKA KATIKA MTO ULIO KARIBU NA SHULE”. Kichwa kama “KUH: MAZINGIRA” hakimwambii afisa chochote, kwani barua zote zinazofika mezani pake ni za mazingira.

Hatua ya nne: mwili wa barua

Huu ndio mwanzo nilioukuta, ukiwa chini ya anwani mbili zilizopangwa vizuri na kichwa kilichopigiwa mstari:

“Natumai u buheri wa afya wewe na familia yako. Sisi huku shuleni tu wazima, isipokuwa mto wetu umejaa taka. Lo! Ungeuona ungesikitika.”

Kiswahili chake ni kizuri, lakini si cha barua hii. Linganisha na huu:

“Kwa niaba ya chama cha mazingira cha shule yetu, ninaandika kukuarifu kuhusu taka zinazotupwa katika mto unaopita kando ya shule, na kuiomba ofisi yako ichukue hatua za kukomesha uchafuzi huo.”

Mwanzo wa pili umesema anayeandika ni nani, jambo ni lipi na anaomba nini, yote katika sentensi moja. Hakuna salamu, wala kukosekana kwake si utovu wa adabu. Heshima ya barua rasmi imo katika mtajo na katika namna ya kuomba.

Nilichomweleza mwanafunzi huyo, na kilichobadilisha barua zake, ni suala la msomaji. Barua ya kirafiki husomwa na mtu mmoja ambaye tayari anajua nusu ya habari. Barua rasmi huwekwa katika faili: inaweza kusomwa na karani, na naibu, na hata afisa mwingine baada ya huyu kuhamishwa. Hakuna kati yao aliyewahi kuuona mto huo. Kwa hiyo kila jambo lielezwe kikamilifu: ni mto upi, taka zinatoka wapi, tangu lini, na nani ameathirika. “Wale watu wa sokoni wamerudia tena” yafaa kwa rafiki. Afisa aandikiwe: “Tangu Januari mwaka huu, magunia ya taka kutoka sokoni yamekuwa yakitupwa kwenye ukingo wa mto, karibu na bomba linalovuta maji ya shule.”

Barua rasmi huteleza polepole, na mteremko wake una dalili. Ya kwanza ni nafsi: “chama chetu” na “ofisi yako” vinapotoweka, vikabaki “mimi na wewe”. Ya pili ni vimilikishi vilivyofupishwa, kama rafikiyo au mamangu, ambavyo ni fasaha kwa rafiki lakini si kwa afisa. Ya tatu ni viingizi na maswali ya balagha: “Jamani!”, “Je, si aibu hii?” Ya nne, ambayo wengi hawaioni, ni amri. “Njoo ujionee” na “wafunge hao wanaotupa taka” ni lugha ya mtu na mwenzake. Badala yake tumia kitenzi cha kuomba au kupendekeza kifuatwe na dhamiri tegemezi: “Tunaiomba ofisi yako imtume mkaguzi”, “Tunapendekeza mapipa ya taka yawekwe sokoni”. Ukifika mwisho wa kila aya, rudi uisome sentensi yake ya kwanza peke yake, ujiulize kama mtu asiyekufahamu angeweza kuisoma kwa sauti katika ofisi.

Kuna shinikizo moja la haki linalowasukuma watahiniwa kwenye salamu, nalo ni idadi ya maneno. Barua rasmi ya kweli huwa fupi, ilhali mtihani unadai maneno 400, na anayeishiwa na la kusema hujaza nafasi kwa maneno ya urafiki. Jaza kwa hoja. Katika swali letu, weka aya moja ya utangulizi, aya tatu za madhara, aya tatu za mapendekezo na aya moja ya kufunga. Hizo ni aya nane, na kila moja ikiwa na maneno 50 hivi, hesabu imetimia. Madhara yanaweza kuwa maradhi ya tumbo kwa wanafunzi, mazao ya shamba la shule kumwagiliwa maji machafu, na mafuriko ukingoni pale taka zinapoziba mkondo. Mapendekezo yalingane nayo, na kila moja liseme nani afanye nini.

Kuhusu methali, najua wengi wamefundishwa kuzirundika ili kuonyesha ukwasi wa lugha. Katika barua rasmi moja inatosha, na bora isiwe katika sentensi ya ombi, kwa kuwa hufifisha kinachoombwa. Ukwasi wako uonekane katika msamiati wa mada: uchafuzi, mkondo, ukingo, mkaguzi, kanuni za usafi.

Barua ya kirafiki nayo huteleza kuelekea upande mwingine. Salamu hula nusu ukurasa, kisha mwili unageuka hotuba: “Kwanza kabisa, pili, tatu”. Salamu ziwe aya moja. Kisha hoja zilezile zipitie katika yale mnayoyajua nyote wawili: “Mto ule tuliouvuka pamoja ulipokuja likizo ya Agosti usingeutambua mwezi uliopita, maji yalikuwa meusi na samaki hawaonekani. Tulianza kwa kuokota taka kila Jumamosi, kisha tukawaendea wachuuzi wenyewe.” Hapa viingizi, methali na vimilikishi vilivyofupishwa vina nafasi yake. Jihadhari tu na sheng. Barua ni ya kirafiki, lakini mtihani ni wa Kiswahili sanifu.

Hatua ya tano: kufunga

Aya ya mwisho ya barua rasmi hurudia ombi kwa ufupi na kutaja kinachosubiriwa, kwa mfano: “Tutashukuru kupata jibu la ofisi yako.” Kisha, kwa mpangilio huu:

Wako mwaminifu,
(sahihi)
(jina kamili)
Katibu, Chama cha Mazingira.

Cheo cha chini kilingane na kile ulichojitambulisha nacho katika aya ya kwanza. Nimekuta barua zilizoanzwa na katibu na kufungwa na mwenyekiti. Kama swali limekupa jina au anwani ya kutumia, tumia hilohilo bila kulibadilisha.

Barua ya kirafiki hufungwa kwa “Ni mimi rafikiyo,” na jina lako la kwanza chini yake. Haina sahihi wala cheo.