SOMO: Bajeti ya kuanzia sifuri kwa mkuu wa idara (soma kabla ya kunipigia simu)

Wiki hii wakuu wa idara wanne wameniuliza kitu kilekile, kwa hiyo naandika mara moja. Bajeti ya kuanzia sifuri maana yake ni kwamba fedha za mwaka jana si haki yako. Hujadili nyongeza tu, unaieleza kila shilingi upya. Mfano wangu ni idara ya usafirishaji inayopeleka vifaa kwenye vituo vya mbali. Bei ni za mfano, weka za kwako.

1. Andika kazi za idara, si kasma. "Dizeli" si kazi. "Kupeleka vifaa vituoni" ni kazi.

2. Tafuta kinachozaa gharama, kisha piga hesabu kutoka chini. Safari 3 kwa wiki, kilomita 420 kila moja, wiki 52: kilomita 65,520. Gari linakwenda kilomita 7 kwa lita, kwa hiyo lita 9,360. Kwa shilingi 3,000 ni 28,080,000. Kama mwaka jana mlitumia milioni 41 kwa dizeli, fungua daftari la safari kabla kamati ya bajeti haijalifungua. Mimi nilikuta gari moja limeandikiwa "benki" mara 4 kwa siku moja.

3. Gawa kila kazi katika vifurushi. Hapa ndipo nilipoungua.

Kifurushi cha kwanza ni kiwango cha chini kabisa ambacho kazi bado ina maana. Hapa ni safari 2 kwa wiki: dizeli 18,720,000, sevisi 9 (moja kila kilomita 5,000), bima, na posho za dereva na msaidizi. Cha pili ni safari ya tatu peke yake: dizeli 9,360,000, sevisi 4 zaidi kwa 450,000 kila moja, posho 5,200,000. Jumla 16,360,000. Chini ya kila kifurushi andika kitakachotokea kisipopewa fedha, na njia nyingine uliyoipima, mfano kukodi gari.

Mwaka wangu wa kwanza nilijifanya mjanja. Vitu nilivyovipenda nikavibana kwenye kifurushi cha kwanza, matairi na sevisi nikaviweka mwisho nikijua hakuna atakayethubutu kuvikata. Wakavikata. Kamati ilisoma orodha kutoka juu, fedha zikaisha, ikachora mstari. Mwezi wa nne gari lilikuwa juu ya mawe, na saini kwenye orodha ilikuwa yangu. ONYO: usiweke chini kitu usichoweza kuishi bila hicho. Na kiwango cha chini kikiwa karibu sawa na bajeti ya mwaka jana, utarudishiwa karatasi.

4. Panga vifurushi vyote kwa umuhimu, namba moja hadi mwisho.

5. Peleka kwa mhasibu akague hesabu kabla ya kikao.

MASWALI

Kasuku_wa_Hesabu: Nikichukua ya mwaka jana nikapunguza asilimia 10 si inatosha?
– Hapana. Soma sentensi ya tatu.

Fundi Rama: Mkuu, tuwekee fomu iliyojazwa.
– Hatua ya 3 ndiyo fomu. Nikikujazia, kwenye kikao nitakuja kujibu mimi?

Bibi_Maabara: Samahani mwalimu, kwangu kuna mashine ambazo lazima zipimwe usahihi kila mwaka, ama majibu hayaaminiki. Hilo nalipangaje?
– Swali zuri, dada. Linakaa ndani ya kifurushi cha kwanza, maana bila hilo kazi yenyewe haipo. Lakini maswali hayaishii hapo: tenganisha "lazima lifanyike" na "lazima lifanyike kwa bei hii". Mashine ni ngapi? Kuna mbili zinazofanya kazi ya moja? Mkataba wa fundi mmeushindanisha lini? Ukijibu hayo mwenyewe, kamati haina pa kushika.

Mpinga_Karatasi: Huu ni ujanja wa kupunguza watu tu.
– Unaweza kutumiwa hivyo, sikatai. Ila mimi nimeeleza namna ya kutetea idara, sijamtuma mtu akupunguze.

Msomi wa Pwani: Hii ilianzia serikalini?
– Hii ya vifurushi hapana, ni ya kampuni ya Texas Instruments. Peter Pyhrr aliielezea mwaka 1970, Jimmy Carter akaitumia jimboni Georgia akiwa gavana, na mwaka 1977 akaipeleka serikali kuu ya Marekani. Reagan akaiacha mwaka 1981. Karatasi zilikuwa nyingi kuliko wasomaji. Ndiyo maana nashauri uandike kazi 4 au 5 kubwa tu, vikorokoro vyote fungu moja.

Dereva_Mstaafu: Niongeze. Kilomita kwa lita msichukue kwenye kitabu cha gari. Jaza tangi, nenda safari ya kweli na mzigo wake, jaza tena. Barabara ya vumbi na mzigo inakula.
– Asante mzee. Ile 7 yangu ilipatikana hivyohivyo, kitabu kiliandika 10.

Kasuku_wa_Hesabu: Na asilimia 5 je?
– 🙄