SOMO: Video ya tepu za zamani imevutika au ina mistari myeusi ukiingiza Premiere

Haya wadau, hili linawasumbua sana wanaohamisha harusi za zamani kutoka tepu za miniDV, unaingiza faili unakuta bibi harusi amekonda kama mlingoti. Msikimbilie kuvuta picha kwa mkono. Tepu ya PAL ni pikseli 720 kwa 576 iwe ilirekodiwa 4:3 au 16:9, kinachobadilika ni upana wa kila pikseli, sasa hiyo taarifa ikipotea wakati wa kukapcha programu inabahatisha tu.

1. Tafuta kitu cha duara, sahani au tairi la gari la maharusi. Msiamini sura za watu, wengine ndo walivyo 😂 Duara likiwa yai lililosimama picha imebanwa, likiwa yai lililolala imetanuliwa.

2. Kwenye paneli ya Project raitikliki klipu, Modify > Interpret Footage, halafu Conform to. Imebanwa? Weka D1/DV PAL Widescreen 16:9 (1.4587) uangalie duara tena, likilala rudi D1/DV PAL (1.0940). Iliyotanuliwa tangu mwanzo nayo weka 1.0940.

3. Sikwensi iwe 1920x1080, Square Pixels (1.0). Kwenye Effect Controls andika Scale 187.5, maana 576 inatakiwa ifike 1080. Uniform Scale usiitoe tiki, ukiitoa ndo unaanza kuharibu upya.

Kama ni 4:3 itabaki nyeusi kushoto na kulia, hapo iko sawa, iache au weka bakigraundi. Ukiitanua ijae umerudi kulekule.

Swali: Mi yangu ina nyeusi pande zote nne, nifanyeje?

Jibu: Weka Color Matte nyekundu chini ya klipu. Sehemu itakayoonyesha nyekundu ni nafasi tupu, ila ikibaki nyeusi ujue imerekodiwa ndani ya picha. Mara nyingi ni 16:9 iliyowekwa ndani ya 4:3, picha yenyewe ina mistari 432 tu kati ya 576, so acha 1.0940 halafu Scale 250 na nyeusi zote zinatoka nje ya fremu. Ukali utapungua, hilo halina dawa.

Swali: Sihariri kitu kaka, mteja anataka faili lake lisomeke vizuri tu, lazima nirenda masaa yote hayo?

Jibu: Hapana, badilisha tu na ffmpeg lebo ya 4:3 au 16:9 iliyo ndani ya faili, ni dakika chache na ubora haushuki:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -c copy -aspect 16:9 harusi2.mp4
```

Ila kuna pleya na tivii zinaidharau hiyo lebo, so ijaribu kwenye tivii ya mteja kabla hujamkabidhi flashi.

Swali: Kwenye Premiere iko poa, nikieksipoti inavutika tena.

Jibu: Angalia Aspect kwenye mipangilio ya kueksipoti, lazima iwe Square Pixels (1.0). Ikiwa tayari iko hivyo, chukua rimoti ya tivii uangalie kama haijawekwa kuvuta picha ijae skrini.