SOMO: Mtoto amemaliza kemo, daktari amesema "rimisheni". Tuelewe nini, na rilapsi ni nini?

Nawaandikia shangazi, wajomba, mabibi na wazazi mliopokea mtoto kutoka wodini baada ya matibabu ya limfoma ya Burkitt, ile saratani inayovimbisha taya au tumbo la mtoto kwa kasi ya kutisha. Nimeichagua kwa sababu ni ya kwetu. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala, na hadi leo ni miongoni mwa saratani za watoto zinazoonekana sana Uganda, Kenya na Tanzania. Nimehudumia watoto hawa nikiwa muuguzi, na nimeona familia zikirudi nyumbani na neno ambalo hakuna aliyekaa nao kulifafanua.

Hatua ya 1: Jua daktari ameangalia nini kabla ya kulitamka

Rimisheni maana yake ni kwamba kwa vipimo tulivyo navyo, saratani haionekani tena. Tumchukue mtoto wa miaka saba aliyefika na taya limevimba, meno yanalegea, na ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye figo. Amepata mizunguko yake ya kemo kwa dripu, pamoja na sindano za dawa kwenye uti wa mgongo. Mwishoni daktari anapapasa taya na tumbo, anarudia ultrasaundi, na maji ya uti wa mgongo yanapelekwa maabara kutafuta seli za saratani. Kama mwanzoni ugonjwa ulikuwa umefika kwenye uboho, nao hupimwa tena. Vyote vikiwa safi, hiyo ni rimisheni kamili.

Uvimbe ukiwa umepungua kwa nusu au zaidi lakini bado upo, hiyo huitwa rimisheni ya sehemu, na matibabu huwa bado yanaendelea. Kwa hiyo uliza: "Daktari, ni kamili au ya sehemu?" Wakati mwingine ultrasaundi huonyesha kibaki kidogo ambacho ni kovu tu au nyama iliyokwisha kufa. Daktari atarudia picha baada ya muda, au atachukua kipande kidogo kikapimwe. Msikate tamaa kabla ya majibu hayo.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini hajasema "amepona"

Hapa ndipo familia nyingi huumia, wakidhani daktari anaficha jambo. Hafichi. Uvimbe wa sentimita moja, ambao ultrasaundi inaweza kuukosa, huwa na seli mamia ya mamilioni. Zikibaki chache kuliko hizo, hakuna mashine ya kawaida itakayoziona.

Lakini Burkitt ina tabia moja inayotusaidia: seli zake hujigawa upesi mno, zikiongezeka mara mbili kwa muda wa siku moja au mbili. Seli moja ikijigawa mara thelathini hufikia takriban bilioni moja. Kwa hesabu ya karatasi hiyo ni mwezi mmoja hadi miwili. Mwilini huchelewa zaidi, maana seli nyingi hufa njiani, lakini bado tunazungumzia miezi. Kama kuna kilichobaki, kwa kawaida hujitokeza ndani ya mwaka wa kwanza, mara nyingi katika miezi ya mwanzo. Mtoto akivuka mwaka salama, hofu hupungua sana. Akivuka miaka miwili, ni nadra mno irudi, na hapo madaktari wengi huwa tayari kusema amepona.

Hatua ya 3: Zijue dalili za rilapsi

Rilapsi ni saratani ileile kuonekana tena baada ya rimisheni. Inaweza kurudi pale ilipokuwa au mahali papya. Wakati wa kumwogesha mtoto, pitisha mkono taratibu kwenye mataya, shingo na tumbo. Usimgeuze kuwa mgonjwa kwa kumpapasa kila saa, atakuogopa. Tezi ndogo shingoni wakati wa mafua ni jambo la kawaida. Uvimbe unaokua siku hadi siku si wa kawaida, nao hausubiri tarehe ya kliniki.

Ninazoziogopa zaidi ni dalili za ubongo na uti wa mgongo: uso kupinda upande mmoja, kope kushuka, kuona vitu viwiliviwili, kichwa kuuma huku akitapika, miguu kukosa nguvu, au kushindwa kukojoa. Zikitokea, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Miguu inayolegea kwa sababu uti umebanwa inaweza isirudi ikicheleweshwa.

Vinkristini, mojawapo ya dawa za kemo, nayo huweza kuleta ganzi vidoleni na mwendo wa kuburuta nyayo. Hiyo huanza wakati wa matibabu na hupungua taratibu baadaye. Udhaifu mpya, au ule unaozidi baada ya dawa kwisha, ndio wa kukimbilia.

Hatua ya 4: Shika tarehe za kliniki

Mwaka wa kwanza mara nyingi huitwa kila mwezi, kisha nafasi huongezwa. Fuata kadi yake. Nauli ikikosekana, pigeni simu wodini kabla ya tarehe kupita, kwani baadhi ya hospitali zina ofisa ustawi wa jamii anayeweza kusaidia.

MASWALI YA WANACHAMA

Shangazi wa mtoto, Mwanza: Dada yangu amefariki, mtoto naishi naye mimi. Kila siku ananiuliza, "Shangazi, nimepona?" Nimjibu nini?

*Jibu:* Pole sana, shangazi. Mwambie: "Dawa zimeuondoa uvimbe, madaktari wametafuta hawakuuona. Tutaendelea kwenda wakuangalie." Ni kweli yote, na mtoto anaielewa. Ukimwahidi kwamba hautarudi kamwe kisha urudi, atashindwa kukuamini wakati anapokuhitaji zaidi.

Baba wa mtoto, Kisumu: Ilirudi baada ya miezi minne. Mama yangu anasema ni kwa sababu tulimpa nyama na sukari. Mke wangu halali kwa kujilaumu.

*Jibu:* Mwambie mama watoto leo hii kwamba si chakula. Rilapsi hutokana na seli zilizostahimili dawa zikaendelea kujigawa. Nyama, sukari au kucheza juani havikuzileta. Kinachoongeza hatari ni kuacha kemo kabla ya mizunguko kwisha, na ninyi mlimaliza. Bibi naye aelezwe kwa heshima, akiwa amekaa na daktari ikiwezekana, maana anasema kwa uchungu wa mjukuu wake.

Mjomba, Mbale: Ikirudi ndiyo basi?

*Jibu:* Hapana, mjomba, ila inakuwa ngumu zaidi. Inayorudi mapema, ndani ya miezi michache, huwa sugu kuliko inayochelewa. Kuna dawa za mstari wa pili, kama ifosfamidi na etoposidi, ingawa hazipatikani kila hospitali. Muulize daktari waziwazi: "Matibabu haya ni ya kuiondoa, au ya kumpunguzia maumivu?" Mkijua hilo mtapanga fedha na muda wenu vizuri.

Binti, Tanga: Mama yangu amemaliza matibabu ya saratani ya titi. Nasi tuhesabu miaka miwili?

*Jibu:* Hapana, binti yangu. Kipimo hicho ni cha Burkitt kwa sababu ya kasi yake. Saratani ya titi inaweza kurudi baada ya miaka mitano, kumi au zaidi, hasa aina inayotegemea homoni. Ndiyo maana wengine hupewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka mitano au kumi. Kama mama amepewa, asiviache kwa kuwa anajisikia mzima, na vikimsumbua mwili amwambie daktari ambadilishie. Maumivu ya mfupa yasiyoisha, kikohozi cha muda mrefu, au uvimbe mpya kifuani au kwapani, mpeleke aangaliwe hata kama ni mwaka wa nane.