Punguzo la asilimia 2, ovadrafti ya asilimia 18: je, ukope ili umlipe msambazaji mapema?

Kwenye ankara za wasambazaji wakubwa, chini kabisa, huwa kuna mstari kama huu: `2/10, net 30`. Maana yake, ukilipa ndani ya siku 10 unakatiwa asilimia 2. Usipolipa ndani ya siku hizo, deni lote linatakiwa siku ya 30. Wenye maduka wengi ninaowatunzia hesabu wanauruka mstari huo. "Asilimia mbili ni hela gani, na benki wananikata kumi na nane?" Tatizo la swali hilo ni kwamba ile 18 ni ya mwaka mzima, na ile 2 ni ya siku 20.

Nitatumia mfano wa duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, linalochukua rangi na vifaa vya bomba kwa mali kauli kutoka Dar es Salaam. Ankara ni ya tarehe 5 Juni, shilingi 12,000,000 pamoja na VAT. Duka limesajiliwa VAT na lina ovadrafti ya hadi milioni 15 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Hela yenyewe bado iko kwa mafundi na wakandarasi wanaodaiwa.

Hatua ya 1: Jua siku 10 zinaanza kuhesabiwa lini

Wengine huhesabu kuanzia tarehe ya ankara, wengine kuanzia siku mzigo ulipopokelewa, na wengine kuanzia mwisho wa mwezi. Uliza, na jibu ulipate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Uliza pia kama kinachotazamwa ni siku uliyotuma hela au siku ilipoingia kwenye akaunti yao. Katika mfano wetu siku zinahesabiwa kuanzia tarehe ya ankara, kwa hiyo mwisho wa punguzo ni 15 Juni na mwisho wa deni ni 5 Julai. Kama siku ya 10 ni Jumapili, jipange kulipa Ijumaa.

Kama mnachukuliana mzigo kwa kuaminiana na hakuna masharti yaliyoandikwa, hakuna kinachokuzuia kuuliza: "Bosi, nikikuletea hela yote ndani ya siku kumi, unanipunguzia ngapi?" Msambazaji anayehitaji hela ya kuagiza kontena jingine mara nyingi ana jibu.

Hatua ya 2: Geuza punguzo liwe riba ya mwaka

Ukilipa 15 Juni unatoa 11,760,000. Ukilipa 5 Julai unatoa 12,000,000. Kwa hiyo msambazaji ni kama amekukopesha 11,760,000 kwa siku 20 na kukutoza 240,000. Gawanya 240,000 kwa 11,760,000, unapata asilimia 2.04. Mwaka una vipindi 18.25 vya siku 20, na 2.04 mara 18.25 ni kama asilimia 37.2.

Hiyo ndiyo bei unayolipia zile siku 20 za ziada. Ukiiweka kando ya 18 ya benki, jibu linaonekana jepesi: kopa, lipa, chukua punguzo. Lakini 37.2 ni namba ya kukuamsha tu. Usiitumie kufanya uamuzi, kwa sababu hela inapotea katika hatua tatu zinazofuata.

Hatua ya 3: Ondoa VAT kwenye punguzo

Hapa ndipo hesabu nyingi za mitandaoni huishia njiani. Punguzo la 240,000 limekatwa kwenye jumla yenye VAT ya asilimia 18. Bei ikishuka, VAT nayo inashuka, na msambazaji anapaswa kukuandikia krediti noti. Sehemu ya VAT ndani ya 240,000 ni 240,000 mara 18 gawanya kwa 118, yaani 36,610. Kiasi hicho ungekidai kwenye ritani yako kama VAT ya manunuzi; sasa hukidai tena. Faida yako halisi ni 203,390.

Kama hujasajiliwa VAT, ruka hatua hii. Kwako 240,000 ni 240,000.

Hatua ya 4: Pima gharama ya mkopo kwa shilingi, siyo kwa asilimia

Ovadrafti inatoza kwa siku. Asilimia 18 ya 11,760,000 ni 2,116,800 kwa mwaka. Gawanya kwa 365, ni karibu 5,800 kwa siku. Kwa siku 20 inafika 115,989. Toa kwenye 203,390, unabaki na 87,401. Ada ya mwaka ya ovadrafti sijaiweka kwa sababu imeshalipwa, utumie usitumie.

Sasa tuseme huna ovadrafti, na SACCOS yako inatoa mkopo kwa asilimia 1 kwa mwezi. Kwa masikio ni nafuu kuliko benki: 12 kwa mwaka dhidi ya 18. Ila wanatoza ada ya mkopo ya asilimia 1, na riba ya mwezi wa kwanza unailipa yote hata ukirudisha hela baada ya wiki tatu. Ada 117,600, riba 117,600, jumla 235,200. Umepata punguzo la 203,390 kwa gharama ya 235,200. Mkopo wenye riba ndogo umekutia hasara, na ule wenye riba kubwa ulikuwa unakuachia kitu. Ada haijali kama umekaa na hela siku 20 au miaka miwili, na kwenye mkopo wa siku chache ndiyo inayomeza kila kitu.

Mkopo wa taasisi ndogo wa asilimia 3.5 kwa mwezi wala hauhitaji kalamu: riba ya mwezi mmoja peke yake ni 411,600. Mikopo ya simu yenye ada ya mkupuo ndiyo mbali zaidi. Kwa punguzo la asilimia 2, njia inayofaa karibu siku zote ni ile inayotoza kwa siku na ambayo ada zake zilishalipwa.

Hatua ya 5: Kuwa mkweli kuhusu siku ambayo ungelipa kweli

Hesabu yote mpaka hapa inadhani kwamba bila punguzo ungelipa 5 Julai. Je, ndivyo unavyofanya? Fungua leja ya msambazaji huyo, tazama ankara zako za nyuma. Kuna wateja wangu ambao ankara inasema siku 30 na wao hulipa siku ya 45, msambazaji akilalamika kidogo na kuendelea kuwapa mzigo.

Kama ni wewe, kulipa 15 Juni ni kuwahi kwa siku 35, siyo 20. Riba ya ovadrafti kwa siku 35 ni 202,981. Toa kwenye 203,390: unabaki na shilingi 409. Usumbufu wote huo kwa bei ya soda. Ukiwa ni mtu wa siku 60, unapoteza hela waziwazi kwa kukopa.

Sisemi kuchelewesha ni mtindo mzuri. Msambazaji anakumbuka, siku mzigo unapokuwa haba anawapa kwanza wanaolipa kwa wakati, au anakuhamishia kwenye keshi bila kukuaga. Dalili zake huanza kidogo: dereva anaambiwa asishushe mpaka ofisi ipige simu, au kiwango chako cha mali kauli kinapunguzwa. Ukishaziona, siku zako za kuchelewa zina gharama ambayo hesabu hii haiioni, na hapo ningelipa mapema hata kwa faida ndogo.

Hatua ya 6: Tafuta siku za kuvumilia

Hii ndiyo namba ninayomwandikia mwenye duka kwenye karatasi: mkopo unaweza kukaa siku ngapi kabla haujala punguzo lote? Kwenye Excel, weka ankara `B1`, punguzo `B2` (0.02), riba ya mwaka `B3` (0.18), na ada za mkopo `B4`:

```
=(B1*B2/1.18-B4)/(B1*(1-B2)*B3/365)
```

Asiyesajiliwa VAT aondoe `/1.18`. Kwa mfano wetu jibu ni siku 35. Kuanzia 15 Juni, siku 35 zinafika 20 Julai. Sasa angalia wanaokudai wewe na unaowadai: hela ya kurudisha ovadrafti inaingia lini? Kama mkandarasi mkubwa ameahidi mwisho wa Juni na huwa anateleza wiki moja, bado uko salama. Kama tegemeo lako ni malipo ya mradi wa halmashauri, na unajua hayana tarehe, usikope.

Angalia pia nafasi inayobaki. Ukichota 11,760,000 kwenye ovadrafti ya milioni 15, unabakiwa na 3,240,000. Tarehe 20 Juni ni siku ya kulipa VAT ya Mei, na mishahara iko nyuma yake. Ukikosa hela ya TRA kwa sababu umeitumia kuwahi punguzo, riba na faini vitaifuta ile 87,401. Mwezi kama huo, omba msambazaji akubali punguzo kwa nusu ya ankara. Wengi hukubali, ila ni lazima useme kabla ya siku ya 10.

Hatua ya 7: Lipa siku yenyewe, na ushikilie karatasi

Ukishaamua kulichukua punguzo, usilipe siku ya 2 kwa uchangamfu. Siku 8 za mapema ni riba ya 46,396 isiyokuletea kitu, zaidi ya nusu ya faida yako. Lipa siku ya 9, ili siku moja ibaki kwa ajili ya benki. Kwa TISS, mfumo wa kuhamisha hela kutoka benki moja kwenda nyingine, hela hufika siku hiyo hiyo, lakini fomu ikiletwa jioni husubiri kesho. Ukiamua kutolichukua, shikilia hela yako mpaka siku ya 30. Kulipa siku ya 12 au 15 ndiyo hasara kamili, maana punguzo limekwisha na riba umeianza.

Kwenye maelezo ya malipo andika namba ya ankara na neno "punguzo 2%", vinginevyo mhasibu wao atakuonyesha unadaiwa 240,000 mwezi ujao. Dai krediti noti wiki hiyo hiyo na uifunge pamoja na ankara na risiti ya EFD. Bila krediti noti una ankara ya 12,000,000 na malipo ya 11,760,000, na mkaguzi wa TRA atataka kujua kwa nini umedai VAT ya ile ankara nzima.