SOMO: Waifai ya hoteli au uwanja wa ndege imeshika, ukurasa wa kuingia hautokei

Wakuu, swali hili nimeulizwa inboksi mpaka nimechoka, kwa hiyo naliweka hapa. Kuanzia leo atakayeniuliza nitamtumia linki ya uzi huu na salamu.

Tatizo ni lile la simu kuandika "Connected" bila intaneti, na ule ukurasa wa kujaza namba ya chumba au kubonyeza "Accept" hauonekani kabisa. Siongelei waifai yenye nywila uliyoikosea.

Elewa kwanza jambo moja, mengine yatafuata. Ukishaunganisha, simu yenyewe hutuma ombi dogo kimyakimya ili ijue kama intaneti ipo. Android huomba ukurasa huu, na hutegemea jibu tupu lenye namba 204:

```
http://connectivitycheck.gstatic.com/generate_204
```

Aifoni huuliza captive.apple.com na kutarajia neno "Success". Ruta ya hoteli hulidaka ombi hilo njiani na kujibu kwa kuelekeza kwenye ukurasa wake. Simu ikiona jibu si lile ililolitarajia, inajua hapa kuna mlango, inakufungulia ukurasa. Kwa hiyo chochote kinachozuia ombi hilo lisidakwe kinauua ukurasa. Mara nyingi mzuiaji ni kitu ulichokiweka wewe mwenyewe kwa ajili ya usalama au kuzuia matangazo.

1. Zima data ya simu. Ikiwa imewashwa, simu huona waifai haina intaneti, inahamia kwenye bando kimyakimya, nawe unadhani waifai imekubali.

2. Zima VPN. Ikiwa umeiwekea "Block connections without VPN", zima na hiyo.

3. Private DNS. DNS ndiyo inayoiambia simu anwani ya kila tovuti. Hapa ndipo wengi wanapokwama, tutulie kidogo.

Wengi humu mmeweka dns.adguard-dns.com au jina jingine la namna hiyo ili kuondoa matangazo. Ukiandika jina pale, umeiambia simu: usiulize anwani ya tovuti yoyote kwa mtu mwingine isipokuwa huyu, na uulize kwa njia iliyofungwa tu. Njia hiyo hupita mlango namba 853, na ruta ya hoteli haiufungui kabla hujaingia. Unabaki kwenye duara: huwezi kuingia bila DNS, na DNS haipatikani bila kuingia. Dalili yake ni taarifa ya "Private DNS server cannot be accessed". Kuna simu ambazo dirisha la kuingia hutokea hata hivyo, kwa sababu mfumo wenyewe hupita pembeni, lakini ukilifunga kwa bahati mbaya na kujaribu kwa Chrome huoni kitu.

Kwenye Samsung nenda Settings > Connections > More connection settings > Private DNS. Kwenye simu nyingi nyingine ipo Settings > Network & internet. Chagua Automatic. Huna haja ya Off; Automatic hujaribu njia iliyofungwa na ikishindikana hurudi kwenye ya kawaida. Jina la DNS uliloliweka liandike pembeni kwanza.

Angalizo: ukishaingia usikimbilie kulirudisha. Hoteli nyingine huziba 853 hata kwa wageni walioingia. Ukirudisha jina na intaneti ikakata, acha Automatic mpaka utakapoondoka.

Wa aifoni waliosakinisha profaili ya kuzuia matangazo, waangalie Settings > General > VPN & Device Management, sehemu ya DNS, na warudishe Automatic.

4. Zima waifai, washa tena, subiri kidogo. Hautokei? Fungua brauza na uandike kwa mkono, herufi zote:

```
http://neverssl.com
```

Usiandike google.com. Tovuti za https haziwezi kudakwa, kwa sababu ruta haina cheti cha Google na brauza inajua. Utaona onyo la cheti au ukurasa mweupe. Na onyo hilo usilipite kwa kubonyeza "Proceed", unajizoesha tabia mbaya. neverssl.com imewekwa makusudi bila https ili idakwe.

5. Kompyuta. Hapa nawapa kisa, kwa sababu kinafundisha kuliko orodha.

Kuna mgeni hotelini Dodoma, simu yake ilipata ukurasa mara moja, kompyuta ikagoma. Tukafungua neverssl.com. Anwani juu ikabadilika yenyewe kuwa hotspot.lan/login, halafu ukurasa ukasema DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN. Soma dalili hiyo vizuri. Anwani kubadilika maana yake ruta imedaka ombi, hivyo waifai ni nzima. Kilichoshindikana ni kompyuta kujua hotspot.lan iko wapi. Jina hilo ni la ndani ya hoteli, linajulikana na DNS ya hoteli peke yake, na kompyuta ya bwana yule ilikuwa imewekewa DNS ya Google, 8.8.8.8, kwa mkono na fundi wa ofisini kwao. Google atajuaje jina la ndani ya hoteli ya Dodoma?

Dawa kwenye Windows 11: Settings > Network & internet > Wi-Fi > Hardware properties, kwenye DNS server assignment bonyeza Edit, weka Automatic (DHCP). Kisha fungua Command Prompt:

```
ipconfig /flushdns
ipconfig
```

Ukurasa ukafunguka. Kama bado, angalia "Default Gateway" kwenye majibu ya amri ya pili, mfano 192.168.88.1, uiandike kwenye brauza na http:// mbele. Mara nyingi ukurasa unakaa hapohapo. Lakini ukiona anwani yako inaanza na 169.254, acha kuhangaika na ukurasa: ruta haijakupa anwani kabisa. Andika `ipconfig /release` kisha `ipconfig /renew`, na ikigoma nenda mapokezi, tatizo ni lao.

Karibuni maswali.

---

Chapakazi_TZ: Mkuu kwangu haifunguki nisaidie haraka nipo eapoti

Mtoa somo: Haifunguki nini? Simu gani? Umefika hatua ya ngapi?

Chapakazi_TZ: Simu ni Tecno. VPN nimeiacha maana naogopa waifai za bure

Mtoa somo: Hatua ya 2. Izime, ingia, kisha iwashe. Ukishaingia VPN inafanya kazi yake kama kawaida.

Chapakazi_TZ: Imekubali. Asante

Binti_Pangani: Somo zuri kaka. Kitu kimoja sijaelewa: kwa nini ruta isiiambie tu simu "ukurasa wa kuingia uko hapa", mpaka idake ombi la mtu kama mwizi?

Mtoa somo: Dada, umegusa penyewe. Njia hiyo ipo. Mwaka 2020 ulitoka waraka wa kanuni za intaneti, RFC 8910, ambapo ruta inapokupa anwani ya IP inakupa pamoja nayo, kwenye chaguo namba 114 la DHCP, anwani ya API ambako simu inauliza ukurasa wa kuingia uko wapi. Android 11 na iOS 14 zinalielewa chaguo hilo. Likitumika hakuna haja ya kudaka kitu. Shida ni kwamba lazima aliyefunga mtandao wa hoteli aliwashe, na ruta nyingi zimefungwa zamani na hakuna anayezigusa. Kwa hiyo kudaka bado ndiko kunakotawala. Ukiwa unasimamia mtandao wa mahali fulani, liweke, wageni watakushukuru.

Binti_Pangani: Kumbe! Nipo kwenye hoteli moja ya familia, nitamwonyesha fundi wetu.

Mtoa somo: Mwambie anwani hiyo ya API iwe ya https na cheti halali, na ukurasa wenyewe vilevile, la sivyo simu hazitalikubali chaguo hilo.

Mzee_wa_Kigoma: Wanangu, mimi ukurasa naupata, ila kila asubuhi naambiwa nijaze upya. Aifoni.

Mtoa somo: Shikamoo mzee. Hoteli inaikumbuka simu kwa anwani yake ya MAC, yaani namba inayoitambulisha kwenye waifai, na aifoni ina tabia ya kuificha. Gusa alama ya (i) pembeni ya jina la waifai, kwenye Private Wi-Fi Address kama imeandikwa Rotating weka Fixed. Ikiendelea baada ya hapo, basi ni hoteli imeweka muda wa saa 24, hapo hakuna dawa.

Mzee_wa_Kigoma: Marahaba. Ilikuwa Rotating kweli.

Dogo_Janja99: Kwa hiyo nikibadilisha MAC napata tena zile dakika za bure eapoti? 😁

Mtoa somo: Uzi huu ni wa watu wanaotafuta ukurasa, sio wanaoukimbia.

Nesi_Safarini: Ukurasa wa kwangu ulitaka barua pepe pamoja na nywila ya barua pepe. Ni kawaida?

Mtoa somo: Hapana, usijaze. Namba ya chumba na jina la ukoo ni kawaida, namba ya simu ya kutumiwa msimbo ni kawaida, barua pepe peke yake pia. Nywila ya barua pepe haimhusu mwenye waifai. Waulize mapokezi jina kamili la mtandao wao, huenda umeunganisha wa mtu mwingine. Na kama ulishaijaza, badilisha nywila sasa hivi.

Fundi_Redio: Nyongeza: televisheni na vifaa visivyo na brauza. Mimi huingia kwa kompyuta, kisha nawasha Mobile hotspot ya Windows, TV inaunganisha kwenye kompyuta. Ruta inaona kifaa kimoja tu.

Mtoa somo: Safi sana. Hii hata mimi natumia.

Mhasibu_Mwanza: Kompyuta ya kazini, VPN imefungwa na ofisi, siwezi kuizima. Nimesoma yote.

Mtoa somo: Kwa kuwa umesoma yote, nakupa njia. Ingia waifai kwa simu ya Android, chomeka waya kwenye kompyuta, washa USB tethering. Simu inagawa waifai ileile iliyokwisha kuingia, kompyuta haikutani na ukurasa wowote. Kwa aifoni haiwezekani, yenyewe hugawa data ya laini tu. Waulize kwanza watu wa IT, ofisi nyingine hawataki.

Chapakazi_TZ: Mkuu nimefika hotelini, haifunguki tena

Mtoa somo: VPN.